Kukataa madai ya fidia ya ucheleweshaji

“Mteja ananidai fidia ya kuchelewesha kazi, ilhali vifaa alichelewesha yeye. Nijibuje?”

Ndugu, jibu kwa maandishi kabla ya muda aliotaja kwisha, ukianza na tarehe: mathalani, mkataba ulimtaka alete vifaa tarehe 1, naye akavileta tarehe 15, kama inavyoonyesha hati ya makabidhiano aliyoitia saini. Ambatisha nakala yake, kisha unukuu neno kwa neno kifungu kinachosogeza mwisho wa kazi kwa siku alizochelewesha. Angalia kwanza kama kifungu hicho kilikutaka umpe mteja taarifa ya maandishi vifaa vilipochelewa, maana bila taarifa hiyo hoja yako hudhoofika sana. Malizia hivi: “Kwa heshima, tunayakataa madai haya yote, na haki zetu zimehifadhiwa.” Usiombe radhi kwa ucheleweshaji, huenda ikasomwa kuwa umekiri.