Bonde la volti: kukadiria kiwimbi na pembe ya dayodi kwenye rektifaya yenye kapasita

Amplifaya ndogo ya volti 12 imeletwa mezani. Inaunguruma, na mngurumo wenyewe haupungui hata ukishusha sauti mpaka mwisho. Unapima DC kabla ya regyuleta ya 7812 unapata volti 14.3, unapima baada yake unapata karibu 12. Wengi wanaoanza kazi hii wakiona namba hizo huipitisha pawa saplai na kwenda kuhangaika na transista. Naomba msiondoke hapo mapema. Mita ya DC inawapa wastani, na ugonjwa wa aina hii unakaa chini ya wastani.

Tuifungue pawa saplai hiyo. Transfoma inatoa volti 12 za AC, dayodi nne zimepangwa kwa daraja, kapasita ni ya maikrofaradi 2200, na mzigo unakula ampia 0.5. Umeme wetu ni wa hezi 50. Volti 12 za AC zina kilele cha volti 17, yaani 12 mara 1.414. Kwenye daraja mkondo unapita dayodi mbili kila mara, na kwa kuwa mkondo wa kuchaji ni mkali, kila dayodi hula karibu volti 0.9 badala ya ile 0.7 ya darasani. Kapasita basi inajaa mpaka volti 15.2 hivi.

Kinachofuata ndicho cha kukishika vizuri. Kilele kikishapita, volti ya transfoma inashuka upesi kuliko ya kapasita, dayodi zinafunga, na mzigo unabaki kulishwa na kapasita peke yake mpaka kilele kinachokuja kikaribie. Kwa wimbi zima, vilele vinafuatana kila milisekunde 10. Kwa nusu wimbi, yaani dayodi moja, ni kila milisekunde 20. Huko kushuka na kupanda tena ndiko ninakokuita kiwimbi, na sehemu yake ya chini kabisa naiita bonde. Makadirio ya kwanza ni haya, `f` ikiwa hezi 50:

```
wimbi zima:   Vr = I / (2 * f * C) = 0.5 / (100 * 0.0022) = 2.3 V
nusu wimbi:   Vr = I / (f * C)     = 0.5 / (50 * 0.0022)  = 4.5 V
```

Hesabu hii inachukulia kwamba kapasita inashuka kwa mstari ulionyooka. Kwa mzigo wa regyuleta hilo ni kweli kabisa, kwa sababu regyuleta huvuta mkondo uleule volti ikipanda au ikishuka. Kwa mzigo wa rezista mstari unapinda kidogo, ila kiwimbi kikiwa chini ya sehemu moja ya kumi ya kilele hutaona tofauti ya maana.

Inachukulia pia kwamba kapasita inashuka kwa milisekunde zote 10, na hapo ndipo inapozidisha. Dayodi hufunguka kabla ya kilele, mara tu volti ya transfoma inapoifikia volti iliyobaki kwenye kapasita. Ule muda wa kufunguka, ukiupima kwa nyuzi za wimbi la AC, ndio pembe ya upitishaji:

```
cos(A) = 1 - Vr / Vm        Vm = 17 V, kilele cha transfoma
A ≈ sqrt(2 * Vr / Vm)       jibu ni kwa radiani
```

Angalia kwamba `Vm` ni kilele cha transfoma kabla ya kutoa volti za dayodi. Watu wengi huweka 15.2 hapo. Dayodi hulishusha wimbi lote kwa kiasi kilekile lakini hazibadilishi umbo lake, na pembe hutokana na umbo. Kwa kiwimbi cha volti 2.3, pembe ni kama nyuzi 30. Mzunguko mzima wa nyuzi 360 huchukua milisekunde 20, hivyo nyuzi 30 ni milisekunde 1.7. Maana yake kapasita inamwaga kwa milisekunde 8.3 tu. Rudia hesabu kwa muda huo: kiwimbi kinashuka hadi volti 1.9, na pembe inakuwa nyuzi 27.5, yaani milisekunde 1.5. Ukirudia tena namba hazisogei sana, kwa hiyo simama hapo.

Sasa bonde. Ukitoa 1.9 kwenye 15.2 unabaki na volti 13.3. Regyuleta ya 7812 inahitaji karibu volti 2 juu ya 12 ili ifanye kazi yake, yaani 14. Mara mia kwa sekunde volti inazama chini ya kiwango hicho, na kila inapozama, tokeo la regyuleta linazama nayo. Spika inatoa sauti hiyo ya hezi 100. Wastani wa 15.2 na 13.3 ndio ile 14.3 iliyosomwa na mita. Mita haikudanganya, ila uliiuliza swali lisilohusu bonde.

Wengi hapa hukimbilia kapasita kubwa. Ukiweka 4700 kiwimbi kinashuka hadi karibu volti 0.95 na bonde linapanda hadi 14.2. Mngurumo unanyamaza. Lakini kabla hujafunga kasha, tazama upande wa dayodi.

Mzigo unakula ampia 0.5 muda wote, na dayodi zinapitisha kwa milisekunde 1.5 tu katika kila 10. Ni kama mtaa ambao maji ya bomba hutoka usiku kwa muda wa saa moja na nusu tu ilhali familia inatumia mchana kutwa: ili tangi lijae, bomba lazima limwage kwa nguvu. Chaji ya ampia 0.5 kwa milisekunde 10, ikiingizwa ndani ya milisekunde 1.5, inataka wastani wa ampia 3.3. Na mkondo huo hauingii sawasawa. Unaruka juu dayodi inapofunguka, kisha unateremka kuelekea kilele cha volti. Ruko hilo linakadiriwa hivi:

```
Ip = I + 2 * pi * f * C * Vm * sin(A)
2200 uF:  0.5 + 11.7 * sin(27.5°) = 5.9 A
4700 uF:  0.5 + 25.1 * sin(19.2°) = 8.8 A
```

Umepunguza kiwimbi nusu, pembe imebanwa hadi nyuzi 19, na ruko la mkondo limepanda kutoka 6 hadi karibu 9. Waya wa transfoma una ukinzani wake, kwa hiyo kwenye kifaa halisi ruko ni dogo kuliko hesabu na pembe ni pana zaidi. Mwelekeo haubadiliki, lakini. Kila kiwimbi kinavyopungua, dayodi, transfoma na kapasita yenyewe hupigwa na mipigo mifupi na mikali zaidi.

Joto la transfoma hufuata mkondo wa RMS, na mipigo mikali huupandisha. Kwa rektifaya ya daraja yenye kapasita, kadiria RMS ya upande wa transfoma kuwa mara 1.8 ya DC. Mzigo wa ampia 0.5 unataka transfoma ya karibu ampia 0.9. Mtu anayenunua transfoma iliyoandikwa 12 V 500 mA kwa sababu mzigo wake ni 500 mA atanusa vanishi ikiungua, na kila akiongeza kapasita joto litazidi.

Mimi kwenye amplifaya ile singeishia kwenye 4700. Bonde la 14.2 linapita kwa volti 0.2 tu, na hiyo ni siku ambayo umeme wa ukutani umetimia. Jioni umeme ukipungua kwa asilimia 10, kilele cha transfoma kinaanguka kwa volti 1.7 na mngurumo unarudi. Dawa inayokaa ni transfoma ya volti 15 yenye ampia 1, pamoja na kapasita ileile ya 2200 ikiwa bado nzima. Kilele kinakuwa 21.2, baada ya dayodi 19.4, na bonde linabaki juu ya 17. Gharama yake ni joto kwenye regyuleta: karibu volti 6.5 za ziada mara ampia 0.5 ni wati 3 na kitu, kwa hiyo bati la kupozea ni la lazima. Kapasita iwe ya volti 35, kwa kuwa transfoma ndogo isiyo na mzigo hupanda juu ya volti iliyoandikwa, na umeme ukizidi kidogo ile ya 25 inapita mpaka wake.

Nusu wimbi nimeipitia haraka, na ndivyo inavyostahili kwa mzigo kama huu. Kiwimbi kingekuwa volti 4, ruko la mkondo karibu ampia 8, na transfoma ingevutwa upande mmoja tu, jambo linaloipasha joto na kuifanya itetemeke. Dayodi yake pia inabeba volti ya kinyume mara mbili ya kilele, yaani 34, wakati kila dayodi ya daraja inabeba 17. Kwa miliampia chache, kama za taa ya kuonyesha, dayodi moja inatosha.

Lakini nusu wimbi mtakutana nayo pasipo kuiomba, na hapo pembe na kiwimbi vinakuwa vipimo vya ugonjwa. Dayodi moja ya daraja ikikatika, upande mmoja wa wimbi unapotea na saketi inakuwa nusu wimbi. Weka osiloskopu kwenye kapasita, chagua AC, na tazama umbali kati ya vilele. Milisekunde 10 na kiwimbi kikubwa kuliko hesabu yako: kapasita imechoka, uwezo wake umepungua. Milisekunde 20: kuna dayodi iliyokatika, na kubadilisha kapasita hakutasaidia. Ukiona volti inaruka wima dayodi inapofunguka, kabla ya kupanda kwa mteremko, hiyo ni dalili ya ukinzani wa ndani wa kapasita kuongezeka, hata kama uwezo wake ukiupima bado ni mzuri.

Ukitaka kuiona pembe yenyewe, weka rezista ya omu 0.1, wati 1, kati ya hasi ya daraja na hasi ya kapasita, huku mzigo ukibaki umerudi kwenye hasi ya kapasita. Klipu ya ardhi ya osiloskopu ishike hasi ya kapasita, ncha iguse hasi ya daraja. Mipigo itaonekana imepinduka chini, kila volti 0.1 ikiwa ampia 1, na upana wake unausoma kwa milisekunde. Zidisha kwa 18 upate nyuzi. Klipu ya chaneli ya pili usiiweke kwenye waya wa AC wa transfoma ili kuona mawimbi yote kwa pamoja. Klipu zote mbili zimeunganishwa ndani ya osiloskopu, na ukifanya hivyo utaishoti dayodi moja ya daraja, kisha dayodi ya jirani yake ibebe transfoma nzima.