Video ya sabuni isiyotaja sabuni

Dada mmoja wa Mbagala anayetengeneza sabuni ya maji nyumbani alinipa simu nimwangalizie video zake za TikTok. "Kaka, kila wiki naposti, lakini wanaoona ni wateja wangu walewale."

Nikafungua moja. Picha safi, anakoroga ndoo kwa ustadi. Ila anaanza na "Haya wapendwa, karibuni tena", muziki umeifunika sauti yake, juu ya video kumeandikwa "Usipitwe!" na kapsheni ni "Mungu ni mwema #fyp". Sabuni inatajwa kwa mara ya kwanza video ikikaribia kuisha.

TikTok wanasema wazi kwamba kapsheni, sauti na hashitagi ni sehemu ya taarifa wanazotumia kupendekeza video, na sera yao ya faragha inataja hata maneno yanayotamkwa ndani yake. Kwa video ile, mtambo wa TikTok ulipewa salamu, muziki na dua. Ungejuaje umpelekee nani?

Tukairekodi upya. Sentensi ya kwanza ikawa: "Leo natengeneza sabuni ya maji lita 20 ya kuanzia biashara." Juu ya video tukaandika "Jinsi ya kutengeneza sabuni ya maji", herufi nene nyeupe kwenye kivuli cheusi. Tuliyaweka juu kidogo ya katikati, kwa sababu chini kapsheni huyafunika na kulia kuna vitufe vya kupenda na kushea. Ile miandiko ya mapambo yenye mikia achana nayo. Kama wewe mwenyewe unakodoa macho, usitegemee mashine isome. Kapsheni ikarudia maneno yaleyale kwa sentensi ya kawaida, ikataja na malighafi. Muziki tukaushusha hadi ukasikika kwa mbali tu.

Kilichochukua muda ni manukuu ya kujiandikia yenyewe. Anataja malighafi ya "salfoniki", yanaandika kitu kingine kabisa. "Magadi" nayo yakageuka jina la mtu. Yafungue kabla ya kuposti, usome mstari kwa mstari na urekebishe. Kama programu yako haina Kiswahili kwenye orodha ya lugha, zima manukuu hayo na uandike mwenyewe maneno machache ya msingi. Manukuu ya Kiingereza cha kubahatisha yanaharibu zaidi kuliko kutokuwa nayo.

Na usirundike maneno yasiyohusu video. Ukiandika "mapishi" ili uvute watu wa mapishi, watapita haraka, na kupitwa haraka ni ishara mbaya kwa video yako.

Baada ya wiki moja au mbili, ingia kwenye takwimu za video, sehemu ya Traffic source, uangalie fungu la Search. Likikua, watu wanaikuta kwa kuitafuta. Ukionyeshwa na maneno waliyoandika, yasome vizuri: yakiwa ya sabuni ya mche wakati wewe unauza ya maji, rudi kwenye kapsheni.