Chenso kurukia usoni

"Wakuu, nakata paini zangu huku Mufindi, jana chenso imeruka ghafla ikapita karibu na bega. Shida mnyororo au mimi?"

Pole sana ndugu. Mara nyingi hapo ni ncha ya kile chuma kirefu, ile robo ya juu, imegusa kitu, mnyororo unakwama sekunde moja na mashine yote inatupwa juu kukurudia. Mimi ilinipata nikipunguza matawi ya mti ulioshalala, ncha ikagonga kisiki kilichofunikwa na majani, breki ndo iliniokoa. Kwa hiyo kila asubuhi weka mashine chini, ishike vizuri, vuta mafuta halafu sukuma kile kikinga cha mbele, mnyororo usiposimama hapohapo usiingie nayo shambani, mpelekee fundi. Dole gumba la kushoto lizunguke mshikio, kichwa kisikae mstari mmoja na chuma, na usikate juu ya mabega.

Mti wa mita 20, watu wote wakae mita 40 mbali, hata wabeba magogo, na fyeka mapema njia yako ya kukimbilia, nyuma kimshazari. Jinzi haisaidii kitu, tafuta suruali ya chenso, ina nyuzi ndefu ndani zinazojisokota kwenye gia mpaka mnyororo unasimama. Helmeti yenye wavu na buti ngumu pia.

Mti ukining'inia kwenye mwenzake usipite chini yake kabisa, ita mkataji aliyesomea.