Nyeupe ya harusi na nyeupe ya kaburi

*Swali: Nimetunga beti mbili hizi. Rafiki yangu anasema rangi zangu zinapingana: nyeupe ni furaha juu, msiba chini, na nyeusi haipo pale inapotakiwa. Nirekebishe?*

*Kisutu kavaa Mwana, chekundu tena cheusi,*
*Weupe waonekana, ukumbini kwa harusi.*

*Leo Mwana twamzika, mweupe pasi cheusi,*
*Udongo wamfunika, mwekundu ndio libasi.*

Usizibadili rangi. Rafiki yako anasoma kwa orodha ile ya darasani: nyeupe amani, nyekundu hatari, nyeusi huzuni. Orodha hiyo haina kisutu, na shairi lako limesimama juu ya kisutu.

Kisutu ni kanga ya bibi harusi wa pwani, nayo ina rangi zote tatu. Kwa hiyo katika ubeti wa kwanza nyeusi haibebi huzuni yoyote, wala nyekundu haibebi hatari. Ni sehemu za vazi moja, na maana yake ni ndoa. Mtu akikuandikia kwamba "cheusi" kinatabiri kifo, muulize ameona neno gani ndani ya ubeti linalomruhusu. Hakuna.

Ubeti wa pili unazitenganisha zile rangi. Mwana ni "mweupe" kwa sababu ya sanda, ambayo vizuri hukuitaja. Kinachouma hapo ni "pasi cheusi". Msomaji wa orodha anatazamia nyeusi mazikoni. Wewe umeiondoa, na kwa kuwa tumeshaiona kwenye vazi la harusi, kukosekana kwake ndiko kunatuambia harusi imekwisha. Nyekundu nayo imehama kutoka kwenye nguo kwenda kwenye udongo, lakini "libasi" inaurudisha udongo ule kuwa nguo.

Ukitaka kujua kama rangi inafanya kazi au ni pambo, weka neno jingine lenye mizani ileile. Badala ya "mwekundu" andika "mkavu". Mizani ni nane bado, udongo ni udongo bado, ila uzi wa kwenda kwenye kisutu umekatika. Basi "mwekundu" ina kazi. (Jaribio hili huwaumbua washairi wengi, hasa wapenzi wa "damu nyekundu".)

Udhaifu ninaouona mimi uko kwenye "waonekana". Weupe wa nini? Msomaji wa bara asiyekijua kisutu anaweza kudhani ni kuta za ukumbi au kanzu za wageni, na hapo ubeti wa pili unapoteza nusu ya nguvu zake, maana weupe haukuwahi kuwa mwilini mwa Mwana. Ningeandika:

*Na weupe washikana, ukumbini kwa harusi.*

Vina na mizani vimebaki, na sasa rangi tatu zimeshikana waziwazi kabla hujaziachanisha.