Jibu: kusawazisha hati ya maelewano

"Chuo chetu hapa Mombasa kinaandika upya hati ya maelewano na hospitali kuhusu wanafunzi wa atachimenti. Ya zamani inatubana sisi tu. Nianzie wapi?"

Anza na vitenzi ndugu yangu. Chapisha hati, chukua kalamu za rangi mbili, pigia mstari kila ahadi, yenu rangi moja yao nyingine. Nakwambia utakuta chuo "kitalipa", "kitatoa", "kitahakikisha" alafu hospitali "itajitahidi" na "itashirikiana", sasa hapo utamdai mtu nini? Na ile "wanafunzi watapewa usimamizi" ndiyo mbaya zaidi manake haisemi nani atawapa.

Mfano hiyo ya usimamizi iandike hivi: "Hospitali itateua muuguzi msimamizi mmoja kwa kila wanafunzi sita, na itatuma jina lake chuoni siku saba kabla ya wanafunzi kuripoti." Hiyo sita ni mfano tu, namba mkubaliane na wadi zenyewe. Kisha malipo yenu yafungeni hapo hapo: "Chuo kitalipa ada ndani ya siku 14 baada ya kupokea majina." Wao wasipotuma, siku zenu hazijaanza kuhesabika. Usilazimishe idadi ya vifungu ilingane, angalia kama kwa kila mzigo mnaobeba kuna kitu mnachopata.

Alafu msidanganyike eti ni maelewano tu haifungi, korti huangalia yaliyoandikwa si kichwa cha karatasi, kwa hivyo semeni wazi vifungu gani vinafunga, hasa bima na siri za wagonjwa, na wakili aipitie kabla ya sahihi.