Bafu la chini kwenye mteremko: pima dirisha ukiwa nje

Dada mmoja anayejenga Mtanda, Lindi, ameniandikia kwamba fundi amemwambia aweke kidirisha kidogo juu, basi, hakuna atakayemwona. Ujumbe huo umenigusa. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mbele ya shemeji zangu, na nilipoyakataa nikaitwa mjuaji. Bado yananiuma, ingawa leo wao ndio wanaoleta mafundi wao kulitazama bafu langu.

Kwenye kiwanja tambarare fundi yuko sawa. Mtanda ni mlima. Kwangu, ukingo wa chini wa dirisha ungekuwa mita 1.8 kutoka sakafuni, lakini ardhi ya nyuma, penye kinjia cha majirani, iko juu ya sakafu kwa sentimita 60. Kwa hiyo mpita njia angeukuta ukingo huo kwenye mita 1.2 tu, na macho ya mtu mzima yako kama mita 1.6. Akiwa mita moja kutoka dirishani, anatazama kwa kushuka: anayeoga mita 2 ndani anaonekana hadi kiunoni. Dada yangu, futi kamba ianzie nje, pale miguu ya watu inapokanyaga.

Kioo chenye ukungu kinaleta mwanga na kuficha, lakini kikiwa kimefungwa tu. Kwa joto letu utakifungua, na sitara imekwisha.

Mimi niliweka luva zenye vipande vya kioo cha ukungu. Vipande vyake vikifunguka, ukingo wa nje huinama chini, hivyo jicho linalotoka juu hugonga kioo, na lililo chini kabisa huishia kuona dari. Vyangu vina upana wa sentimita 15. Usivilaze kabisa, maana hapo mtu huona katikati yake. Viishie nusu, pembe ya nyuzi 45, hewa itapita vizuri tu. Nondo na wavu wa mbu viwe ndani, kwa sababu kipande cha luva huchomoleka kirahisi kutoka nje. Vishikio vya chuma vikatae hata ukipunguziwa bei: chumvi ya bahari itavila, na luva zikishakwama hazifungi wala hazifunguki.

Halafu taa, ambayo watu wengi huisahau. Usiku kioo cha ukungu huonyesha kivuli cha mtu aliyesimama kati ya taa na dirisha, na kadiri anavyokikaribia kioo ndivyo umbo linavyosomeka. Taa ifungwe kwenye ukuta ule ule wa dirisha, juu yake. Kabla hujamlipa fundi umeme, mwambie ndugu yako asimame bafuni na nguo zake, taa ikiwaka, luva zikiwa nusu. Wewe toka nje, upite kile kinjia taratibu, kwenda na kurudi, ukitazama.