Salamu ya barua kwa Meya au Mkurugenzi: usiichape kabla hujasoma haya

*"Wakuu, naomba msaada. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa katika manispaa moja, na tunataka kumwandikia Meya kuomba kizimba cha taka. Steshenari wamenipa sampuli inayoanza 'Mheshimiwa Sana Mkuu wa Wilaya, Shikamoo', nami naona nibadilishe anwani tu juu. Ni sawa?"*

Usiichape barua hiyo. Sampuli ya namna hiyo ndiyo iliyotupotezea miezi minne mwaka 2018, na tulichokuwa tunaomba ni hicho hicho, kizimba cha taka.

Nilikuwa katibu wa kamati ya mtaa wetu. Mwezi wa pili nilikwenda steshenari jirani na stendi, nikamweleza kijana wa pale ninachotaka, naye akafungua barua ya mteja mwingine iliyokuwa tayari kwenye kompyuta yake. Akafuta anwani ya juu, akaandika "Mkurugenzi wa Manispaa", akabadilisha kichwa cha habari na aya mbili za maelezo. Salamu hakuigusa. Ikabaki "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya," chini ya anwani ya Mkurugenzi. Nilipomuuliza, alinijibu kwa kujiamini kabisa kwamba wakubwa wote ni waheshimiwa na kwamba heshima haizidi. Nikalipa, nikaondoka nimeinua kichwa kama niliyeteuliwa.

Kwa asiyejua, hao ni watu wawili wenye ofisi mbili. Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa Serikali Kuu wilayani, na barua zake hupitia kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri, na gari la taka, mafuta yake na watu wa idara ya usafi na mazingira viko chini yake. Wote wawili huteuliwa na Rais, na labda hapo ndipo watu wanapochanganya, lakini kila mmoja ana masjala yake na majalada yake.

Barua yetu ilipokelewa masjala ya manispaa na kugongwa muhuri. Kisha mtu fulani akaisoma, akaona inamsalimu Mkuu wa Wilaya, akaamua kwamba imeletwa mlango usio wake, akaipeleka huko. Kule nako ikagongwa muhuri, ikakaa, hadi mwingine alipotazama anwani na kuona kwamba mwandikiwa ni Mkurugenzi. Ikarudishwa. Sisi tulikuwa mtaani tukisubiri, na kila nilipokwenda kuuliza niliambiwa kwamba barua "imeshughulikiwa", neno ambalo kwa upande wao lilikuwa kweli kabisa, kwa maana ilikuwa inatembea kuliko mimi. Masika yakaanza mwezi wa tatu na taka zote za kona ya chini zikaingia kwenye mfereji na kuuziba.

Mwezi wa sita ndipo karani mmoja aliponionesha barua yenyewe ndani ya jalada. Ilikuwa na mihuri mitatu ya kupokelewa, miwili ya manispaa na mmoja wa ofisi ya wilaya, na maneno "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya" yalikuwa yamezungushiwa duara la kalamu nyekundu na alama ya kuuliza pembeni. Sikuwa na la kusema isipokuwa kwamba mwandiko wa duara ni mzuri. Niliandika upya siku hiyo hiyo, nikabadilisha mstari mmoja tu, na jibu lilitoka baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo, salamu hufuata anwani. Kiti ulichokitaja kwenye anwani ndicho kitakachosalimiwa, na kisiingie kiti kingine hata kwa nia njema.

Sasa barua yako unaielekeza kwa Meya, nami nakushauri uielekeze kwa Mkurugenzi. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake na huongoza vikao vya Baraza la Madiwani. Hasaini hati ya kutoa gari wala hamtumi ofisa afya mtaani kwako. Ukimwandikia yeye, barua itateremshwa kwa Mkurugenzi, na utakuwa umeongeza ngazi moja bila sababu. Mpe nakala. Mwanzo wa barua uwe hivi:

Mkurugenzi wa Manispaa,
Halmashauri ya Manispaa ya …………,
S.L.P. ………,
…………….

K.K. Mtendaji wa Kata,
Kata ya …………….

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KIZIMBA CHA TAKA MTAA WA …………

Najua neno "Ndugu" peke yake linakutia wasiwasi, kwa sababu hata mimi liliniogopesha. Ulitaka kumwangukia mtu miguuni, nami nakwambia umwite ndugu. Lakini hilo ndilo neno la barua rasmi kwa mtumishi wa umma hapa Tanzania, tumelirithi tangu enzi za TANU, na hakuna Mkurugenzi anayeliona ni utovu wa adabu. Ukipenda, andika "Ndugu Mkurugenzi,". "Mheshimiwa" liache kwa Mkuu wa Wilaya, Mbunge na Diwani. Meya ana neno lake mwenyewe, "Mstahiki Meya", na ukilazimika kumwandikia moja kwa moja, andika hivyo, usichanganye kuwa "Mheshimiwa Mstahiki". Meya yuko katika jiji na manispaa tu. Kwenye halmashauri ya wilaya au ya mji utamkuta Mwenyekiti wa Halmashauri, naye ni "Mheshimiwa Mwenyekiti". Hilo "Sana" la kwenye sampuli yako sijui limetoka harusi gani.

Shikamoo iondoe. Ni salamu ya mdomo, inayosubiri kuitikiwa marahaba, na aliyeketi kwenye kiti hicho anaweza kuwa mdogo wako wa mwisho kwa umri. Jina la mtu nalo usiliweke, hata kama unamfahamu na mnasali pamoja. Wakurugenzi huhamishwa, tena bila kukuaga, na barua yenye jina la aliyehama inaweza kuwekwa kando kama mali yake binafsi ikimsubiri aje kuichukua. Cheo hakihami.

Jambo la mwisho linalohusu salamu ni hiyo K.K., yaani kupitia kwa. Mtendaji wa Kata anapitisha barua kwa maoni na muhuri wake, lakini hasalimiwi. Jirani yetu wa mtaa wa pili aliandika "Ndugu Mkurugenzi na Mtendaji," akidhani anawatendea haki wote wawili, na Mtendaji akaibakiza barua ofisini kwake akiamini kwamba imekwisha kumfikia mwandikiwa.

Ukiwa bado steshenari, kabla kijana hajabonyeza kitufe cha kuchapa, weka kidole kimoja kwenye mstari wa kwanza wa anwani ya mwandikiwa na kingine kwenye salamu, usome yote mawili kwa sauti. Kama vidole vyako viko kwenye ofisi mbili tofauti, mwambie afute, na akikueleza kwamba heshima haizidi, muulize kama ni yule aliyekuwa jirani na stendi mwaka 2018.